Nafasi Namba Mbili Ilionekana Kijani

Hospitali nzima ilimwita baba yangu Dakika, kuanzia madaktari bingwa hadi wapika chai, na jina hilo lilimkera kuliko alivyokubali. Alisema yeye si dakika, ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Lakini ukimwuliza saa, hakukujibu "inakaribia saa mbili" kama watu wengine. Alikujibu "saa moja na dakika hamsini na tatu," huku macho yake yako kwenye gari la mtu.

Alisimamia maegesho ya hospitali ile miaka kumi na saba. Mwaka wa kumi na nne, nyuma ya stoo ya dawa, waliezeka banda refu la bati na kuweka chini yake nafasi sita za kuchajia magari ya umeme. Mbili zilikuwa za haraka, nne za taratibu. Baba akapelekwa mafunzo ya wiki mbili. Alirudi na jalada la plastiki, na kuanzia hapo nyumbani hatukula kwa amani. Mtoto akiomba chumvi anapewa somo la betri.

"Betri ni kama chupa," alikuwa akisema, na kweli anainyanyua chupa. "Mwanzo unamimina tu. Ikikaribia kujaa unapunguza, la sivyo unamwaga. Gari nalo likifika asilimia themanini linapunguza lenyewe. Kutoka themanini mpaka mia linaweza kula muda uleule liliotumia kutoka kumi mpaka themanini. Sasa kwa nini mtu mmoja akae pale anasubiri matone, na mwenzake amesimama nje hana hata tone?"

Ndiyo maana, alisema, nafasi za haraka zilipewa dakika arobaini na tano, na za taratibu saa nne. Mama alimjibu kwamba wali ndio unaopoa.

Kanuni yake alikuwa ameibandika ukutani kwa karatasi, lakini hakuiamini karatasi, aliisema kwa mdomo. Hapa si pa kuegesha, hapa ni pa kuchajia. Gari liwe la umeme, liwe limechomekwa, na liwe linachaji. Moja likikosekana, toka. Daktari mmoja wa upasuaji aliwahi kuacha gari lake kwenye nafasi ya haraka asubuhi nzima, na Baba akamfuata hadi kwenye mlango wa kantini.

"Mzee, hizi nafasi si ni za magari ya umeme?" daktari akauliza. "Na langu si la umeme?"

"Ni za magari yanayochaji, daktari. La kwako limeshiba tangu saa tatu, sasa limekaa tu mezani linachokonoa meno."

Kantini ikacheka, daktari naye akacheka, akaenda kulitoa. Baba hakucheka. Alichukua daftari lake la jalada gumu akaandika. Lilikuwa na safu tano alizozichora kwa rula: tarehe, nafasi, gari, kilichofanyika, sababu. Ile ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Alisema kila kosa lina sababu yake, na ukiiandika utajua kama mtu ni mkorofi au amesahau tu. Hakuna mstari aliouacha bila sababu. "Amesinzia." "Mke anajifungua." "Kiburi."

Mimi nilikuwa karani wa kitengo cha kusafisha damu, jengo la pili kutoka banda la Baba. Kazi hiyo niliipata mwenyewe, sikubebwa na mtu. Na niseme ukweli sasa, maana nimeuficha vya kutosha: nilimwonea Baba haya. Ile fulana yake inayong'aa, zile koni anazozipanga na kuzipangua, ile sauti ya "dakika tano, bwana!" inayosikika mpaka dirishani kwangu. Nilipoolewa, ukweni kwangu wakauliza baba yako anafanya kazi gani, nikasema yuko utawala. Baba mkwe wangu alikuwa fundi mkuu wa majengo, mtu wa kuheshimiwa, mwenye pikapu kubwa ya dizeli inayotangulia kusikika kabla ya kuonekana. Sikutaka amwone baba yangu akiburuta koni.

Nilikuwa na miezi mitano kwenye ndoa mama mkwe alipopangiwa kutolewa mtoto wa jicho, Jumanne asubuhi. Saa moja na nusu nikapigiwa simu na baba mkwe. Maegesho yamejaa, amezunguka mara mbili, na mama hawezi kutembea mbali kwa sababu haoni vizuri. Je, kuna mtu ninayemjua?

Nikampigia Baba.

"Nina nafasi moja tu iliyo wazi karibu na mlango, namba mbili," akasema. "Na ni ya haraka. Gari lake ni la umeme?"

"Baba, ni pikapu. Unaijua."

"Basi unajua jibu. Amshushe mama mlangoni, halafu akaegeshe kule kwenye uwanja wa juu. Ni mwendo wa dakika sita."

"Baba mkwe wangu apande kilima kama tarishi? Baba, mimi ndiyo kwanza nina miezi mitano kwa watu. Watasema nini? Wataniona sina kwetu. Nusu saa tu, tafadhali, usiniaibishe."

Nilisikia koni ikiburutwa kwenye lami.

"Nusu saa," akasema.

Hapo inabidi nieleze kitu ambacho Baba alikijua vizuri na mimi nilikuwa nimekisikia mara mia kwenye chakula cha jioni bila kukisikiliza. Chaja haina macho. Inachojua ni kama waya umechomekwa kwenye gari au la. Pikapu ya dizeli ikisimama mbele yake, chaja inaona hakuna kitu, na kwenye simu za madereva nafasi ile inabaki kijani, yaani njoo, iko wazi. Baba alikuwa na namna ya kuizima kwenye simu yake ya kazi ili isomeke haitumiki. Lakini akiizima, palepale ofisi inamwuliza kwa nini. Angejibu nini? Hakuizima. Alisimama mbele ya pikapu ya watu na koni mkononi, akaiacha nafasi namba mbili iendelee kuwadanganya watu.

Saa mbili kamili akaingia Mama Teksi.

Mama Teksi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, dereva wa teksi ya umeme iliyochakaa viti lakini haina deni na mtu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alimleta kwangu mgonjwa wa figo tuliyemwita Mzee Redio, kwa sababu hakuachana na kiredio chake hata sindano zikiwa mkononi. Mzee alikaa ghorofa ya pili upande wa pili wa mji, na Mama Teksi ndiye aliyempandia ngazi, akampa bega na kumshusha pole pole. Zamu ya Mzee kwenye mashine ilikuwa saa tatu kamili.

Asubuhi hiyo Mama Teksi alikuwa amepata abiria wa mbali tangu alfajiri, akarudi betri iko chini sana. Hesabu yake ilikuwa nzuri: achaji dakika kumi kwenye nafasi ya haraka, apate kilomita za kutosha kumfuata Mzee na kumrudisha. Njiani aliipita stesheni nyingine kwenye mzunguko wa barabara, kulikuwa na gari moja mbele. Akatazama simu, akaona yetu iko kijani, akaipita. Alifika bandani na asilimia tatu.

Nafasi namba moja ilikuwa na gari la kusambaza dawa, limechomekwa dakika tano zilizopita, lina haki yake mpaka saa mbili na dakika arobaini. Waya wa chaja ukishajifunga kwenye gari hauchomoki mpaka dereva mwenyewe aufungue, na dereva alikuwa ghorofani na maboksi yake. Namba mbili ilikuwa na pikapu.

"Dakika!" Mama Teksi alipiga kelele, nami nikamsikia kutoka dirishani. "Hili bomba la moshi linafanya nini hapa? Lini umeanza kuchaji dizeli?"

Baba alimwonyesha nafasi ya taratibu iliyokuwa wazi, akamsaidia kuchomeka kwa mikono yake mwenyewe. Wote wawili walijua maana yake. Kule kwenye haraka dakika kumi zingempa mwendo ambao huku kwenye taratibu ungetaka zaidi ya saa nzima. Mama Teksi akawapigia madereva wenzake wawili wamfuate Mzee. Mmoja alikuwa uwanja wa ndege, mwingine amenasa kwenye foleni.

Baba akampigia baba mkwe. Simu imezimwa. Akanipigia mimi.

"Mwambie mkweo atoe gari," akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo, ilikuwa ndogo. "Sasa hivi. Mama Teksi anamfuata mgonjwa wako."

Nilikimbilia jengo la macho, nikapanda ngazi mbili mbili. Nesi akanionyesha mlango: baba mkwe yuko ndani na mama, daktari anawaeleza, kabla ya upasuaji, jinsi jicho litakavyotunzwa baadaye. Ingia tu, akasema, ni maelezo. Nikafika mlangoni. Nikanyanyua mkono nigonge.

Sikugonga.

Nataka nieleweke vizuri, kwa sababu kuna watu watanitetea, watasema ni heshima. Haikuwa heshima, nilikuwa naona aibu. Nilifikiria uso wa baba mkwe akigeuka. Nilifikiria sentensi nitakayoisema: baba, toa gari, msimamizi wa maegesho amesema. Na akiuliza msimamizi gani, nitamwambia ni nani? Nikasema nitasubiri, watatoka sasa hivi. Nikasimama pale na mkono wangu hewani kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Kwenye ukuta kulikuwa na saa. Niliiona saa mbili na dakika kumi na mbili, nikaiona na ishirini, nikaiona na thelathini na moja. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni na nilijua ni nani.

Mlango ulipofunguka, baba mkwe alikuwa amemshika mama mkono. Nikasema kwa haraka, huku natazama viatu vyake, kwamba gari linatakiwa litolewe, kuna mtu anataka kuchaji, kuna mgonjwa.

"Tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu saa mbili, baba."

Akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. "Sasa mbona hukugonga?"

Alimwacha mama kwenye benchi na akateremka mbio, mzee mzima yule, mpaka kalamu zikamdondoka mfukoni. Alipofika bandani alimkuta Baba amesimama nyuma ya pikapu. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia akisema, "Samahani sana, mzee mwenzangu. Kumbe hapa ndipo unapofanyia kazi? Uliponipokea nilidhani umetoka ofisini. Ungeniambia palepale ningeegesha huko juu, miguu ninayo." Hakukuwa na dharau yoyote kwenye sauti yake. Niliitafuta, ingenisaidia, sikuipata.

Mama Teksi aliingiza gari namba mbili saa mbili na dakika thelathini na nane. Alichaji dakika kumi akaondoka bila kuaga mtu. Barabara zilikuwa zimeshajaa.

Kitengoni kwetu kuna kanuni, na mimi ndiye ninayeitekeleza. Kila mgonjwa anahitaji saa nne kwenye mashine. Zamu ya kwanza inaanza saa tatu, ya pili saa saba na nusu, na katikati mashine lazima isafishwe. Mgonjwa akichelewa zaidi ya nusu saa, mashine anapewa anayesubiri kwenye akiba, naye anahamishiwa siku inayofuata. Ni kanuni nzuri, nimewahi kuwaeleza ndugu wa wagonjwa kwa sauti ileile ya Baba. Saa tatu na nusu nesi mkuu akanitazama, nami nikachukua kalamu nikalikata jina la Mzee Redio kwenye ubao, nikaandika la mwingine. Niliandika kwa herufi zilizonyooka, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Alifika saa nne na robo, ameshikwa mkono na Mama Teksi. Nikamwambia arudi kesho saa tatu. Sikumwambia kwa nini. Alisema sawa, binti yangu, ndiyo mambo ya barabara. Mama Teksi alinitazama tu. Yeye hakujua bado pikapu ilikuwa ya nani.

Kesho yake Mzee hakuweza kutembea. Kwa mgonjwa wa figo siku moja ni kubwa. Maji ambayo mashine ingeyatoa yalikuwa yamebaki ndani yake. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vimekatwa kwa mkasi, na alikuwa anavuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Mimi mwenyewe nilimchukua na kiti cha magurudumu kutoka kwenye teksi, Mama Teksi akabaki akichomeka waya. Kiredio kilikuwa mapajani, kimezimwa.

Tulipopita mbele ya banda, Mzee akaniashiria nisimame.

"Dakika," akasema, "jana nilikukosa. Huyu mama alitaka kupanga foleni kule kwenye mzunguko siku za nyuma, mimi nikamwambia hapana. Nenda kwa Dakika. Pale nafasi ikionekana wazi, basi iko wazi kweli." Akapumzika kidogo. "Sasa jana ilikuwaje?"

Baba alivua kofia. Nilitamani adanganye. Nilimwomba kimoyomoyo adanganye, aseme chaja iliharibika, aseme umeme ulikatika, watu wangapi wanasema hivyo kila siku.

"Niliizuia mimi," akasema. "Niliweka gari lisilochaji."

"Wewe?"

Alisema neno hilo moja tu, bila hasira, kama mtu aliyekosea nyumba. Baba akaitika, "Mimi." Mzee akamngoja aendelee, akajua lazima kuna jingine. Baba hakuendelea. Mimi nilikuwa nimeshika vishikio vya kiti, hatua moja kutoka kwa baba yangu, mdomo ninao na ulimi ninao. Nilisema, "Twende mzee, tutachelewa," nikasukuma kiti.

Mzee alikaa kwenye mashine saa nne, na daktari akamwongezea siku nyingine wiki ileile. Alipona kwa kadiri wanavyopona. Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuja amewasha kiredio, lakini bandani alipita bila kusimama, na alikuwa amegeuzia uso upande wa ukuta.

Baba alijipeleka ofisini mwenyewe na kuandikiwa barua ya onyo. Nilikwenda kwetu kula chakula cha jioni. Hakuniita, hakunigombeza, hakuinyanyua chupa. Mama aliniuliza nimemfanya nini baba yangu, nikasema sijamfanya kitu.

Ijumaa hiyo nilikwenda bandani wakati wake wa chakula. Daftari lilikuwa juu ya kiti chake, kalamu ndani. Nikafungua ukurasa wa Jumanne. Mwandiko ulikuwa uleule, umenyooka. Nafasi: mbili. Gari: pikapu ya dizeli. Kilichofanyika: imeruhusiwa na msimamizi, kwa muda wa saa moja na dakika tatu, nafasi ikaachwa isomeke wazi, dereva amekosa kuchaji, mgonjwa amekosa zamu.

Safu ya sababu ilikuwa tupu.

Nilifunua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, miaka mitatu ya watu waliosinzia, waliojifungua, waliokuwa na kiburi. Hakuna nyingine tupu. Nikarudi kwenye ile ya Jumanne. Kwa mbali nilimwona akija na fulana yake inayong'aa, amebeba koni mbili, na kando yangu kulikuwa na wauguzi watatu na baba mkwe wangu aliyemleta mama kuangaliwa jicho, ameegesha uwanja wa juu na kuteremka kwa miguu. Wote wangeweza kuona ninachofanya.

Nikachukua kalamu. Nikaandika: "Binti yake alimwonea haya."

Baba alifika, akaweka koni chini, akasoma. Akachukua rula yake, akapiga mstari chini ya maneno yangu kama anavyofunga kila siku iliyokwisha, akaitazama saa.

"Namba moja," akasema, "amebakiza dakika nne." Akaenda kumwita dereva, na mara hii sauti yake ilipofika mpaka dirishani kwa kitengo changu, mimi nilikuwa nje, nimesimama karibu naye, na machozi yananitoka mbele za watu.